Tofauti ya mchanganyiko wa mauzo na tofauti ya wingi wa mauzo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yote yaliyo hapa yanatumia mfano mmoja, ambao ni kampuni ya kusaga nafaka inayouza unga wa aina tatu: sembe, dona na unga wa lishe. Takwimu zimetungwa kwa ajili ya mafunzo, lakini hali zinazoelezwa ni zile ambazo mhasibu wa gharama katika kiwanda cha namna hii hukutana nazo. Neno «mchango» linatumika kwa maana ya bei ya kuuzia ukiondoa gharama zinazobadilika, yaani kiasi ambacho kila kilo inaleta ili kulipia gharama za kudumu na hatimaye kuleta faida.

## Tuliuza kilo nyingi kuliko bajeti, mbona mchango umepungua?

Kwa sababu kilo zilizoongezeka ni za bidhaa yenye mchango mdogo, na zilizopungua ni za bidhaa yenye mchango mkubwa. Hali ya mwezi mmoja ilikuwa hivi:

| Bidhaa | Bajeti (kilo) | Mauzo halisi (kilo) | Mchango wa bajeti kwa kilo (sh.) |
|---|---|---|---|
| Sembe | 60,000 | 78,000 | 150 |
| Dona | 30,000 | 26,000 | 250 |
| Unga wa lishe | 10,000 | 6,000 | 900 |
| Jumla | 100,000 | 110,000 | |

Bajeti ilitarajia mchango wa shilingi 25,500,000. Tukizidisha kilo zilizouzwa kwa michango ileile ya bajeti, tunapata shilingi 23,600,000. Kiwanda kimeuza kilo 10,000 zaidi ya matarajio, na bado kimekosa shilingi 1,900,000. Pengo hilo huitwa tofauti ya ujazo wa mauzo. Likiachwa hivyo lilivyo linaficha mambo mawili yanayovutana: kuuza zaidi kwa jumla, na kuuza zaidi bidhaa isiyolipa. Kazi ya tofauti ya wingi na tofauti ya mchanganyiko ni kuyatenganisha mambo hayo.

## Kila moja kati ya tofauti hizi inapima nini hasa?

Tofauti ya wingi wa mauzo inajibu swali hili: iwapo wateja wangenunua bidhaa tatu kwa uwiano uleule wa bajeti, yaani asilimia 60 sembe, asilimia 30 dona na asilimia 10 unga wa lishe, kilo 10,000 za ziada zingeongeza mchango kwa kiasi gani? Tofauti ya mchanganyiko inachukua jumla ya kilo 110,000 kama ilivyo, kisha inauliza: kuhama kutoka kwenye uwiano wa bajeti hadi kwenye uwiano halisi kumegharimu kiasi gani, au kumeleta kiasi gani?

Katika ya kwanza uwiano haubadiliki, na katika ya pili jumla ya kilo haibadiliki. Anayeshika jambo hilo hahitaji kukariri kanuni.

## Hesabu inafanywaje, hatua kwa hatua?

Anza na mchango wa wastani wa bajeti. Shilingi 25,500,000 zikigawanywa kwa kilo 100,000 zinatoa shilingi 255 kwa kilo. Wastani huu umekwisha kuzingatia uzito wa kila bidhaa, kwa hiyo usijumlishe 150, 250 na 900 kisha ukagawanya kwa tatu. Ukifanya hivyo utapata zaidi ya shilingi 433, na kila hesabu inayofuata itaharibika.

Tofauti ya wingi ni kilo zilizozidi, mara wastani huo: 10,000 × 255 = shilingi 2,550,000, nayo ni nzuri.

Kwa tofauti ya mchanganyiko, gawanya kwanza kilo halisi 110,000 kwa uwiano wa bajeti. Sembe ingepata kilo 66,000, dona 33,000 na unga wa lishe 11,000. Kisha linganisha na kilichouzwa na uzidishe kwa mchango wa kila bidhaa:

- Sembe: kilo 12,000 zaidi × 150 = shilingi 1,800,000, nzuri
- Dona: kilo 7,000 pungufu × 250 = shilingi 1,750,000, mbaya
- Unga wa lishe: kilo 5,000 pungufu × 900 = shilingi 4,500,000, mbaya

Jumla ni shilingi 4,450,000, mbaya. Ukiondoa ile nzuri ya shilingi 2,550,000 unabaki na 1,900,000, mbaya, ambayo ndiyo tofauti ya ujazo tuliyoanza nayo. Hesabu zisipokutana hapo, usiendelee kuandika taarifa. Mara nyingi kosa limo kwenye uwiano au kwenye wastani.

## Kwa nini tunatumia mchango wa bajeti na si mchango halisi wa mwezi?

Kwa sababu bei halisi na gharama halisi zina tofauti zake zenyewe, na hazipaswi kuhesabiwa mara mbili. Tuseme katika mwezi huo sembe iliuzwa kwa punguzo la shilingi 20 kwa kilo. Punguzo hilo ni tofauti ya bei: 78,000 × 20 = shilingi 1,560,000, mbaya, nayo inaandikwa mahali pake. Ukishusha mchango wa sembe hadi 130 ndani ya hesabu ya mchanganyiko, athari ya bei itakuwa imeingia kwenye kipimo kinachopaswa kuzungumzia uwiano peke yake.

Hata hivyo, kutenganisha hesabu si kutenganisha sababu. Huenda punguzo hilohilo ndilo lililowavuta wanunuzi wa jumla wachukue sembe kwa wingi. Ikiwa ndivyo, meneja anayesifiwa kwa tofauti nzuri ya wingi hapaswi kutajwa bila tofauti mbaya ya bei na ya mchanganyiko kutajwa pamoja nayo, maana zote tatu zimetokana na uamuzi mmoja. Kwa maoni yangu taarifa ya mwezi inayoziweka kwenye kurasa tofauti, chini ya majina ya watu tofauti, inampotosha mkurugenzi hata kama kila tarakimu ni sahihi.

## Vitabu viwili vinanipa majibu tofauti kwa kila bidhaa, ingawa jumla ni moja. Kipi ni sahihi?

Vyote ni sahihi kihesabu, ila havisemi jambo lilelile. Njia iliyotumika hapo juu inazidisha kilo zilizohama kwa mchango kamili wa bidhaa. Njia ya pili inazidisha kilo hizohizo kwa tofauti kati ya mchango wa bidhaa na wastani wa shilingi 255:

- Sembe: kilo 12,000 zaidi × (150 − 255) = shilingi 1,260,000, mbaya
- Dona: kilo 7,000 pungufu × (250 − 255) = shilingi 35,000, nzuri
- Unga wa lishe: kilo 5,000 pungufu × (900 − 255) = shilingi 3,225,000, mbaya

Jumla ni ileile, shilingi 4,450,000, mbaya. Lakini tazama sembe. Njia ya kwanza inasema ongezeko la sembe limeleta shilingi 1,800,000 nzuri, na ya pili inasema limeleta 1,260,000 mbaya. Meneja wa sembe akisoma ya kwanza atadai bonasi. Akisoma ya pili ataitwa ajieleze.

Kwa swali la mchanganyiko, ninapendelea njia ya pili kwa uthabiti. Tunapozungumzia mchanganyiko tumekwisha kuifunga jumla katika kilo 110,000, hivyo kila kilo ya sembe iliyoongezeka imechukua nafasi ya kilo ya bidhaa nyingine. Kuongeza sehemu ya bidhaa iliyo chini ya wastani huelekea kushusha wastani, na njia ya pili inalionyesha hilo moja kwa moja. Dona nayo inafundisha jambo: mchango wake uko karibu sana na wastani kiasi kwamba kupungua kwake hakukuathiri mchanganyiko kwa chochote cha maana, ilhali njia ya kwanza inailaumu kwa shilingi 1,750,000.

Msimamo huo una upande wa pili. Njia hiyo haimaanishi kwamba kuuza kilo moja zaidi ya sembe ni hasara. Kilo hiyo bado inaleta shilingi 150. Kinachosemwa ni kwamba imeleta pungufu ya kile ambacho kilo ya wastani ingeleta. Ukiona kwenye kikao mtu anapendekeza sembe ipunguzwe kwa sababu ina alama mbaya kwenye mchanganyiko, mwonyeshe pia tofauti ya wingi ya bidhaa hiyo. Kwa wanaojiandaa kwa mitihani ya NBAA au KASNEB, soma swali limeomba nini, andika wazi njia uliyotumia, na usichanganye njia mbili katika jedwali moja.

## Tuhesabu kwa kilo au kwa mifuko?

Hili ndilo swali ambalo wengi hulipita haraka, na ndilo linaloweza kugeuza taarifa nzima. Tuseme sembe inauzwa kwa mfuko wa kilo 25, dona kwa mfuko wa kilo 10, na unga wa lishe kwa pakiti ya kilo 1. Mhasibu anachukua idadi ya mifuko moja kwa moja kutoka kwenye ankara. Bajeti inakuwa mifuko 2,400 ya sembe, 3,000 ya dona na pakiti 10,000 za lishe, jumla 15,400. Mauzo halisi yanakuwa 3,120, 2,600 na 6,000, jumla 11,720.

Biashara haijabadilika hata kidogo, na tofauti ya ujazo bado ni shilingi 1,900,000, mbaya. Lakini sasa jumla ya «vipande» imepungua kwa 3,680. Wastani wa bajeti ni takriban shilingi 1,655.84 kwa kipande, hivyo tofauti ya wingi inakuwa mbaya kwa takriban shilingi 6,093,500, na tofauti ya mchanganyiko inageuka kuwa nzuri kwa takriban shilingi 4,193,500. Ishara zote mbili zimepinduka. Taarifa iliyosema tumeuza sana lakini bidhaa zisizofaa, sasa inasema tumeuza kidogo lakini bidhaa zinazofaa.

Sababu ni kwamba kipimo cha vipande kinaihesabu pakiti ya kilo 1 kuwa sawa na mfuko wa kilo 25. Kwa kampuni ya unga kilo ndiyo kipimo chenye maana, kwa kuwa mahindi hununuliwa kwa uzito, mashine husaga kwa uzito na mteja hula kwa uzito. Kwa kampuni inayouza vitu visivyo na kipimo cha pamoja, mathalani majembe, mabomba na rangi, kipimo kinachobaki ni thamani ya mauzo kwa bei za bajeti, na mchango wa wastani unaelezwa kama asilimia ya mauzo.

Tukijaribu hilo kwenye mfano wetu kwa bei za bajeti za shilingi 1,500 kwa sembe, 1,600 kwa dona na 3,600 kwa lishe, mauzo yanapanda kutoka shilingi 174,000,000 hadi 180,200,000. Tofauti ya wingi inakuwa nzuri kwa takriban shilingi 908,600 na ya mchanganyiko mbaya kwa takriban 2,808,600. Mwelekeo ni uleule wa kilo, ila ukubwa umebadilika.

Kwa hiyo mgawanyo huu si ukweli usio na masharti. Unategemea kipimo kilichochaguliwa. Chagua kimoja kwa sababu unayoweza kuieleza, kiandike juu ya jedwali, na usikibadilishe kati ya mwezi na mwezi.

## Je, tofauti mbaya ya mchanganyiko ni kosa la idara ya mauzo?

Si lazima, na hapa ndipo mhasibu anapotakiwa kuinuka kwenye kiti chake. Kwa unga wa lishe kuna sababu tatu za kuchunguza kwanza. Ya kwanza ni kuishiwa bidhaa: soya au karanga ikichelewa, hakuna cha kuuza, na muuzaji hawezi kulaumiwa. Linganisha oda zilizopokelewa na hati za kutolea mzigo ghalani. Ikiwa oda za lishe zilikuwa kilo 10,000 na zilizotoka ni 6,000, tatizo liko kwenye ununuzi au uzalishaji.

Ya pili ni kamisheni. Muuzaji anayelipwa kwa kila kilo atasukuma sembe, kwa sababu lori la sembe linajaa kwa simu chache kwa wanunuzi wa jumla, wakati lishe inahitaji kuzungukia maduka mengi yenye oda ndogondogo. Dalili yake ni kwamba lishe ipo ghalani, inakaribia kuisha muda, na oda hazipo. Dawa ni kuifunga kamisheni kwenye mchango badala ya uzito.

Ya tatu ni bei, yetu au ya mshindani. Angalia kama wateja walewale walioacha lishe wameongeza sembe, au kama ni makundi mawili tofauti kabisa. Mama anayenunua pakiti ya lishe kwa ajili ya uji wa mtoto hahamii kwenye mfuko wa kilo 25 wa sembe. Kama waliopungua ni yeye na wenzake, basi hakuna «kuhama» kokote. Ni bidhaa mbili zilizopata mambo mawili tofauti katika mwezi mmoja, na ni bora kila moja ielezwe peke yake. Tofauti ya mchanganyiko ina nguvu zaidi pale ambapo bidhaa hushindania mteja yuleyule, kama sembe na dona.

## Basi kila mara tusukume unga wa lishe?

Hapana, iwapo kuna kikwazo kiwandani. Tuseme bidhaa zote hupita kwenye mashine moja ya kusagia ambayo imejaa usiku na mchana, na kwa saa moja inatoa kilo 1,000 za sembe au kilo 150 za lishe. Saa ya sembe inaleta 1,000 × 150 = shilingi 150,000; saa ya lishe inaleta 150 × 900 = shilingi 135,000. Katika hali hiyo mchango wa kila kilo unadanganya, na mchanganyiko ulioonekana mbaya unaweza kuwa ulikuwa uamuzi wa busara. Mashine ikiwa na saa za ziada, hoja hii inaondoka na mchango wa kilo unarudi kuwa kigezo.

## Mapato ya pumba yanaingia wapi?

Yanaingia kwenye mchango wa sembe. Mahindi ya sembe hukobolewa na pumba huuzwa kwa wafugaji, wakati dona husagwa na pumba zake. Tuseme shilingi 60 kati ya zile 150 za sembe zinatokana na pumba, na mhasibu akaziacha kwenye akaunti ya mapato mengineyo. Mchango wa sembe utaonekana kuwa 90, wastani utashuka hadi 219, na tofauti mbaya ya mchanganyiko itapanda kutoka shilingi 4,450,000 hadi 5,170,000. Sembe itaonekana mbaya kuliko ilivyo. Dalili ya kosa hili ni akaunti ya mapato mengineyo inayopanda kila mwezi ambao sembe imeuzwa sana.

## Je, tofauti ya wingi inaweza kuchambuliwa zaidi?

Ndiyo, ikiwa una makadirio ya kuaminika ya soko zima. Tuseme bajeti ilitegemea soko la kilo 1,000,000 katika eneo letu na sehemu yetu ya asilimia 10. Baadaye ikaonekana soko lilikuwa kilo 1,250,000, kwa hiyo kilo zetu 110,000 ni asilimia 8.8 tu. Kukua kwa soko kulipaswa kutupa kilo 25,000 zaidi, sawa na shilingi 6,375,000 nzuri. Kupungua kwa sehemu yetu kulitunyima kilo 15,000, sawa na shilingi 3,825,000 mbaya. Jumla ni 2,550,000, tofauti ya wingi ileile. Sherehe ya «kuvuka lengo» inaonekana tofauti ukijua kwamba washindani walikua haraka kuliko sisi. Kama ukubwa wa soko ni wa kukisia tu, usiuweke kwenye taarifa.

## Ninawezaje kuihesabu haraka kwenye Excel?

Weka kilo za bajeti kwenye B2:B4, kilo halisi kwenye C2:C4 na mchango wa bajeti kwenye D2:D4. Mstari wa kwanza hapa chini unatoa tofauti ya wingi, wa pili ya mchanganyiko, na wa tatu ya ujazo kwa ajili ya kuhakiki:

```
=(SUM(C2:C4)-SUM(B2:B4))*SUMPRODUCT(B2:B4,D2:D4)/SUM(B2:B4)
=SUMPRODUCT(C2:C4-SUM(C2:C4)*B2:B4/SUM(B2:B4),D2:D4)
=SUMPRODUCT(C2:C4-B2:B4,D2:D4)
```

Jibu chanya ni tofauti nzuri, na jibu hasi ni mbaya. Mistari miwili ya kwanza ikijumlishwa lazima ilingane na wa tatu.

## Na bidhaa mpya ambayo haikuwa kwenye bajeti?

Uwiano wake wa bajeti ni sifuri, hivyo kila kilo yake itahesabiwa kuwa imechukua nafasi ya bidhaa za zamani, hata kama imenunuliwa na wateja wapya kabisa. Ni salama zaidi kuitoa kwenye hesabu hii, kuonyesha mchango wake kwenye mstari wake, na kuziacha bidhaa tatu zilinganishwe zenyewe hadi bajeti itakaporekebishwa.